Nani Aingie Kwanza

Muuzaji wa jenereta huuliza jumla ya mzigo ni kilowati ngapi. Akishaambiwa, anagawanya kwa 0.8, anaongeza kidogo kwa tahadhari, kisha anataja saizi iliyopo ghalani. Kwa nyumba ya kulala wageni hesabu hiyo hutosha. Kwa jengo la hospitali lenye mota kubwa haifiki mbali, na fundi anayeijua kazi hii utamtambua kwa maswali anayoyaongeza. Mota kubwa kuliko zote inawashwa kwa stata ya aina gani? Inaweza kujiwasha saa ngapi? Na saa hiyo, ni nini kingine kitakuwa kinavuta umeme? Nimewatazama watu wa aina hii wakipiga hesabu zao kwa utulivu, karatasi juu ya meza, na kinachonivutia kila mara ni kwamba kujumlisha huwachukua dakika chache tu. Muda uliobaki wote wanapanga zamu.

Tuchukue jengo moja la mfano tulifuate hadi mwisho. Liko katika hospitali ya mkoa kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwinuko wa mita 1,700, kama lilivyo jiji la Mbeya. Lina vyumba viwili vya upasuaji, wodi ya wazazi, chumba cha watoto njiti na chumba cha wagonjwa mahututi. Nyuma yake kuna banda la mtambo wa oksijeni, ule unaosukuma hewa ya kawaida kwenye matangi yenye chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zilipata mitambo ya namna hii wakati wa UVIKO-19 na baada yake, na katika mabanda mengi ya jenereta mtambo huo ndio uliovuruga hesabu za zamani.

Mizigo yenyewe ni hii. Taa, soketi na kompyuta zinakula kilowati 22. UPS inayolisha vyumba vya upasuaji na watoto njiti inakula 18, ikiwamo kuchaji betri zake. Mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke ina hita za kilowati 24. Viyoyozi vya vyumba vya upasuaji ni 20, lifti 9, pampu ya maji 6 na nusu. Halafu kuna kompresa ya mtambo wa oksijeni. Kibao cha mota yake kimeandikwa kilowati 37, lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Kinachoingia kupitia nyaya ni kama 40. Jumla inakaribia 140. Gawanya kwa 0.8 upate 175, na muuzaji atakuletea jenereta ya kVA 200.

Hapo ndipo fundi anapoanza kazi yake, kwa kuitenganisha jenereta katika mashine mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Injini ndiyo inayolipa kilowati, yaani kazi halisi inayotokana na dizeli iliyoungua. Alternata inalipa ampia. Shaba yake inapata joto vilevile, mkondo uwe unafanya kazi au uwe unakwenda na kurudi ukijenga sumaku ndani ya mota bila kuzungusha kitu. Kwa sababu hiyo alternata hupimwa kwa kVA, kipimo kinachohesabu mkondo wote. Jenereta ya kVA 200 kwa kawaida imefungwa injini ya kutoa kilowati 160 za umeme, na mzigo unaweza kuishinda moja kati ya hizo mbili huku mwenzake akiwa hana tabu yoyote.

Hita za mashine ya mvuke ni mzigo wa injini mtupu. Kilowati 24 zake ni kVA 24, hakuna kilichofichika, na zikiingia zinaikaba injini papo hapo. Mota inayoanza kuzunguka ina tabia tofauti kabisa. Kompresa yetu ikishatulia inavuta ampia 67 kwenye volti 400. Ikiwashwa moja kwa moja kutoka kusimama, huvuta mara sita na nusu ya hizo, kama ampia 435, ambazo ni kVA 300. Sehemu kubwa ya mkondo huo ni wa kujenga sumaku. Ni kama asilimia 30 tu inayogeuka kilowati, yaani kilowati 90 hivi. Ni kama gari lililozimika barabarani: jasho lote linatoka pale linapong'oka, na likishaanza kwenda mtu mmoja analimudu. Kwa sekunde chache alternata ya kVA 200 inadaiwa kVA 300, juu ya mizigo iliyokuwapo tayari.

Alternata haikatai deni hilo. Inalilipa, lakini volti zinazama. Zinazama kiasi gani, fundi anaweza kukadiria kwa kalamu. Ndani ya alternata kuna ukinzani unaojitokeza mkondo unapobadilika ghafla. Mtengenezaji huutaja kwenye karatasi ya vipimo, na kwa saizi hizi 0.2 ni kadirio la haki. Basi:

```
zamo = 0.2 / (0.2 + kVA ya alternata / kVA ya kuwasha)
```

Kwa 200 na 300 jibu ni 0.23. Volti 400 zinashuka hadi karibu 308. Kiwango cha ISO 8528-5 kinayapanga majenereta katika madaraja kwa jinsi yanavyopokea mzigo wa ghafla. Daraja la G2 linaruhusu volti kuzama asilimia 20, G3 asilimia 15 tu, na kwa jengo lenye chumba cha wagonjwa mahututi fundi makini hushika G3. Kwa hiyo jenereta ya muuzaji imeshindwa kabla hata injini haijaulizwa.

Wengi wakifika hapa hukimbilia jenereta kubwa zaidi. Geuza hesabu ile ile, uliza ni alternata gani itakayozama asilimia 15 tu kwa mota hii, utapata kVA 340. Ongeza upungufu wa mwinuko: watengenezaji wengi huipunguzia alternata asilimia 3 kwa kila mita 500 juu ya mita 1,000, maana hewa nyepesi haipozi vizuri. Inakuwa 355, na sokoni saizi inayofuata ni 400. Jenereta ya kVA 400 kwa jengo la kilowati 140! Inawezekana kuinunua, na hospitali zimeinunua, lakini gharama yake haiishii dukani, kama tutakavyoona.

Fundi ninayemsifu haanzi na jenereta. Anaanza na stata. Kwenye stata ya sta-delta, koili za mota hufungwa kwanza kwa namna ambayo kila moja inapata volti 230 badala ya 400, na mkondo unaotoka kwenye nyaya unashuka hadi theluthi moja. Zile kVA 300 zinakuwa 100, kilowati 90 zinakuwa 30. Kwenye alternata ya kVA 200 volti zinazama asilimia 9 tu. Kontakta tatu na taima moja, vitu vinavyoenea kwenye sanduku la ukutani, vimefanya kazi ambayo mwingine angeifanya kwa kununua jenereta maradufu. Stata ya kielektroniki inayopandisha volti taratibu ingefaa pia, na inveta ingekuwa laini kuliko zote, ingawa inveta huchafua umbo la mkondo na hilo nalo lina hesabu yake. Kompresa nyingi za mtambo wa oksijeni huja na sta-delta kutoka kiwandani, kwa hiyo tubaki nayo.

Theluthi ya mkondo ina malipo yake, nayo ni kwamba nguvu ya kuzungusha inashuka hadi theluthi vilevile. Kompresa ya skrubu inaweza kuanza na nguvu hiyo ndogo kwa sharti moja: isiwe imeshikilia shinikizo. Ikiwa imezimwa vizuri, vali ya kuingiza hewa imefungwa, tangi lake la kutenganisha mafuta limepumua, na skrubu zinazunguka kwenye utupu. Lakini umeme wa gridi haukatiki kwa adabu. Unakatika kompresa ikiwa imebeba mzigo wote, tangi likiwa na shinikizo kamili, na tangi hilo linahitaji nusu dakika hadi dakika nzima kupumua. Jenereta ikiwaka baada ya sekunde 10 na kompresa ikawashwa papo hapo, mota inasukuma dhidi ya shinikizo kwa theluthi ya nguvu yake. Inapanda polepole, inakwama kwenye asilimia 70 ya mwendo. Taima ya stata haijui hilo; muda wake ukifika inabadilisha kwenda delta. Mota iliyo kwenye asilimia 70 ya mwendo ikipewa volti kamili huvuta mara tano ya mkondo wake wa kawaida, kama kVA 230, na faida yote ya sta-delta imeyeyuka kwa kishindo kimoja.

Hitilafu hii ina dalili ambazo sikio lililozoea huzitambua bila kifaa chochote. Katika kuwasha kwa kawaida utasikia mota ikipanda sauti hadi juu, ikatulia, kisha kontakta zikabadilishana na mlio mfupi, na taa zikapepesa kidogo tu. Katika kuwasha kwa kukwama, mota inaunguruma kwa sauti ya chini isiyopanda, kontakta zinabadilishana ikiwa bado inaunguruma, injini inaguna na taa zinafifia kweli. Watu wengi wakiona hivyo husema jenereta ni ndogo. Fundi anatazama geji ya shinikizo ya kompresa kwanza. Ikiwa haiko karibu na sifuri wakati wa kuwasha, tatizo liko kwenye taima wala si kwenye jenereta.

Kontakta zenyewe zina kizingiti kinachostahili kukumbukwa. Kwa kiwango, kontakta lazima ivute ikipata angalau asilimia 85 ya volti zake, na iliyokwisha kuvuta inaweza kuachia volti zikishuka hadi asilimia 75. Zamo la asilimia 19, ambalo ndilo lingetokea kwa kVA 230 kwenye alternata ya 200, likiongezewa upotevu wa kebo ndefu inayokwenda bandani, linakaribia sana hapo. Pampu inazimika na kuwaka, inaanza upya, inavuta mkondo wa kuanzia tena, volti zinazama tena. Mlio ule wa kontakta zinazotatarika ndani ya boksi ni mzigo unaojiwasha na kujizima wenyewe, na hauishi mpaka mtu aingilie.

Sasa tunaweza kupanga zamu. Kanuni ya zamani inasema mota kubwa iingie kwanza, jenereta ikiwa bado tupu. Ni kanuni nzuri, ila kompresa yetu inaomba ingoje tangi lipumue. Matakwa haya mawili yanagongana, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii zaidi, kwa sababu jibu halimo katika kitabu chochote cha jenereta. Linatoka kwenye kujua jengo.

Umeme unapokatika, kidhibiti kinangoja sekunde mbili hivi kuhakikisha si mpepeso, kinawasha injini, na kufikia sekunde ya 10 volti zimetulia na chenjiova inafunga. Zinaingia taa, soketi na UPS, jumla kilowati 40. Kiwango cha IEC 60364-7-710, kinachohusu nyaya za sehemu za tiba, kinataka umeme wa vifaa muhimu urudi ndani ya sekunde 15, na taa ya juu ya meza ya upasuaji ndani ya nusu sekunde. Jenereta haiwezi nusu sekunde, ndiyo maana taa ile inategemea betri. Sekunde ya 20 inaingia lifti, aliyekwama ndani atoke. Sekunde ya 25 pampu ya maji. Jenereta sasa imebeba kilowati 55 na nusu. Kisha tunangoja. Wodi haziko hatarini, kwa kuwa tangi la oksijeni lina akiba na nyuma yake kuna mitungi iliyounganishwa tayari kwenye bomba. Sekunde ya 80, tangi la mafuta likiwa limepumua, kompresa inawashwa. Viyoyozi vinafuata baada ya dakika ya tatu, kimoja kimoja, maana kompresa zake nazo zinahitaji dakika kama tatu ili gesi isawazike pande zote mbili. Mashine ya mvuke inaingia mwisho. Vifaa vilivyo ndani yake vitalazimika kuanza mzunguko upya kwa vyovyote vile, hivyo dakika tano hazimuumizi mtu.

Ratiba hii ni nzuri na mtu angeweza kuridhika nayo. Fundi mzuri hairidhikii. Anauliza: saa nane mchana itakuwaje? Kompresa ya oksijeni haiwaki mara moja tu kwa siku. Tangi likijaa inasimama, wagonjwa wakivuta oksijeni tangi linashuka, nayo inajiwasha tena bila kumwuliza mtu. Ratiba ya taima inalinda dakika tano za kwanza. Baada ya hapo mota kubwa kuliko zote itaanza muda wowote, na siku moja itaanza wakati lifti inapanda, viyoyozi vyote vinavuma na hita za mvuke ziko moto. Saizi ya jenereta inapatikana kwenye tukio hilo. Ratiba inarahisisha mwanzo. Saa nane mchana ndiyo inayotoa hukumu.

Tupige. Mizigo yote bila kompresa ni kilowati 100. Kompresa ikianza kwa sta-delta inaongeza 30, inakuwa 130, na ikishabeba mzigo wake inafika 140. Kama ingewashwa moja kwa moja ingekuwa 100 na 90, yaani 190, na injini ya kilowati 160 ingeshuka mwendo mbele ya macho ya kila mtu. Jambo hili la mwisho husahauliwa mara nyingi. Watu hulaumu volti kwa kuwasha mota, kumbe hata zile kilowati 90, zikikuta injini imeshabeba mzigo, zinatosha kuivunja mgongo.

Kwa sta-delta, je, kVA 200 za muuzaji zingetosha? Karibu. Kwenye mita 1,700 alternata yake inabaki na kama 192. Injini hupunguziwa kwa jedwali la mtengenezaji wake. Tuseme jedwali linasema asilimia 6, basi zinabaki kilowati 150. Mzigo wa 140 unaingia, lakini kwa kubana. Tena kibao kinaweza kuwa na namba mbili. Ile kubwa ni ya dharura, ambayo ISO 8528-1 inairuhusu kwa saa 200 tu kwa mwaka, na ile ndogo ni ya kufanya kazi kila inapohitajika. Katika zote mbili wastani wa mzigo kwa saa 24 haupaswi kuzidi asilimia 70 ya namba hiyo. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, fundi huchagua kwa namba ndogo. Asilimia 70 ya 150 ni 105, na mchana wenye upasuaji mfululizo jengo hili linaikaribia sana. Anapanda hatua moja: kVA 250 kwa namba ya kazi ya kila siku, kilowati 200, ambazo juu ya mlima ni kVA 240 na kilowati 188.

Rudia hesabu. Kompresa ikianza kwa sta-delta, volti zinazama chini ya asilimia 8. Ikikwama na kurukia delta kwa kVA 230, zinazama asilimia 16, mbaya, lakini kontakta zitashika. Injini, kompresa ikianza kwa kawaida, inabeba 130 kati ya 188. Hata hitilafu moja ikitokea, jengo linasimama. Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua.

Kwa nini basi tusingepanda hadi 400 tulale usingizi? Kwa sababu ya usiku. Saa tisa usiku vyumba vya upasuaji vimefungwa, mashine ya mvuke imezimwa, na kompresa ikiwa imepumzika jengo linavuta labda kilowati 45. Kwenye jenereta yetu hiyo ni kama robo ya uwezo, na kompresa ikiwaka inapanda hadi 45 kwa mia. Kwenye jenereta ya kVA 400, ambayo ni kilowati 320 chini na kama 300 juu ya mlima, ni asilimia 15. Injini ya dizeli isiyobebeshwa angalau asilimia 30 kwa muda mrefu haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, pete za pistoni hazikazi vizuri dhidi ya silinda, na mchanganyiko wa masizi na dizeli unaanza kuvuja kwenye viungio vya ekzosi, mweusi na unaoteleza. Ukiuona uji huo mweusi kwenye ekzosi, unajua kwamba jenereta ilinunuliwa kwa hofu. Dawa yake ni kuibebesha mzigo mzito kwa saa kadhaa mpaka iungue masizi, na kuirudia dawa hiyo maisha yake yote.

Imebaki kuchagua injini na alternata ndani ya saizi hiyo, maana kVA 250 mbili zinaweza kuwa mashine tofauti sana. Sokoni utakuta moja yenye injini ya lita 7 na nyingine ya lita 9. Zote zinafika kilowati zile zile kwa tabochaja, ila ile ndogo inapata nguvu yake kwa kukandamiza silinda zaidi: wastani wa shinikizo juu ya pistoni ni kama ba 25 kwa ile ya lita 7, na kama 20 kwa ile ya lita 9. Tofauti hiyo inaonekana mzigo unapoingia ghafla. Gavana anafungua dizeli mara moja, lakini hewa inaletwa na tabo, na tabo inasukumwa na moshi ambao bado haujatoka. Kwa sekunde moja au zaidi injini ina mafuta bila hewa. Unaona moshi mweusi, unasikia mwendo ukishuka. Kadiri injini inavyoitegemea tabo kwa nguvu zake, ndivyo hatua ya kwanza ya mzigo inavyotakiwa kuwa ndogo, na ISO 8528-5 ina mchoro unaoonyesha hivyo. Hewa ya mlimani inalifanya jambo hilo kuwa zito zaidi. Kwa ratiba yetu, ambayo hakuna hatua inayozidi robo ya uwezo, injini zote mbili zingefaulu. Bado ningechukua ya lita 9, kwa sababu taima huharibika, na ikiharibika kuna mtu ataiunganisha nje ili jengo liendelee kufanya kazi, na siku hiyo mizigo itaingia kwa pamoja.

Kwenye alternata swali ni moja: kidhibiti cha volti kinapata wapi nguvu yake? Katika alternata za bei nafuu kinaichota kwenye volti zile zile kinazozisimamia. Volti zikizama, na chenyewe kinadhoofika saa ile ile kinapohitajika. Ukilipia jenereta ndogo ya sumaku ya kudumu nyuma ya shafti, kidhibiti kinapata nguvu yake pembeni, na volti zinarudi haraka. Kidhibiti kizuri kina adabu nyingine ninayoistahi: frikwensi ikishuka chini ya hezi kama 47 na nusu, kinapunguza volti kwa makusudi. Mzigo wa hita hupungua kwa mraba wa volti, hivyo injini inapata pumzi ya kurudisha mwendo. Mashine mbili kwenye shafti moja, na mmoja anampunguzia mwenzake mzigo.

UPS inataka neno moja kabla ya majaribio. Hutazama frikwensi ya umeme unaoingia, na ikiona inayumba kuliko ilivyopangiwa inaukataa na kurudi kwenye betri. Ikirudi, injini inapoteza kilowati 18, mwendo unapanda. UPS inaona umetulia, inaupokea. Mwendo unashuka, inaukataa tena. Kukimbizana huku kukiachwa humaliza betri huku jenereta ikinguruma nje. Dawa iko kwenye mipangilio ya UPS: kupanua kidogo wigo wa frikwensi inayokubalika, na kuiamuru ianze kuvuta polepole, kwa sekunde 10 hadi 15, badala ya kuuchukua mzigo wote kwa mkupuo.

Siku ya makabidhiano muuzaji huleta hita kubwa za majaribio, anapakia jenereta robo, nusu, robo tatu, kamili, na kila mtu anapiga makofi. Hita zimeipima injini tu. Alternata haijaulizwa chochote, kwa kuwa hakuna mota iliyoanza. Fundi anangoja hita ziondolewe, anawasha jengo lote kwa umeme wa jenereta, mashine ya mvuke ikiwamo, anafunga kifaa cha kurekodi volti na frikwensi, kisha anafungua vali ya tangi la oksijeni mpaka kompresa ijiwashe yenyewe. Anatafuta namba nne. Volti zisishuke chini ya 340, na zirudi ndani ya sekunde 4. Frikwensi isishuke chini ya hezi 46.5, na irudi ndani ya sekunde 3. Hizo ndizo namba za G3, na zikipatikana katika hali hiyo mbaya kuliko zote, saizi imethibitishwa. Baada ya hapo anakata umeme wa gridi kompresa ikiwa na mzigo kamili, anahesabu sekunde, na anatazama geji ya shinikizo pale kontakta ya kwanza inapovuta.

Mwishowe anaandika ratiba ile kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa boksi la umeme: sekunde za kila mzigo, na sababu ya kila sekunde. Sababu ndiyo muhimu, kwa kuwa atakayekuja kubadilisha taima baada ya miaka mitano anahitaji kujua kwamba zile sekunde 80 za kompresa ni za tangi kupumua, asizipunguze ili kuharakisha oksijeni. Chini yake anaacha nafasi ya mizigo mipya. Hospitali ikileta mashine ya eksirei ya kilowati 50, kwa mfano, wastani wa siku hautabadilika sana, maana inavuta kwa sehemu ya sekunde tu. Gurudumu zito la injini litabeba kishindo hicho kabla gavana hajakihisi. Lakini kwa sehemu hiyo ya sekunde inadai kama kVA 75 kutoka kwa alternata, volti zinazama karibu asilimia 6, na mtengenezaji wa eksirei huandika kwenye kitabu chake zamo linaloruhusiwa wakati wa kupiga picha. Ikiwa ameandika 5, itabidi kompresa na eksirei zifungwe zisianze pamoja, na eksirei ipate alternata kubwa kidogo juu ya injini ile ile.